Bei imepanda, au tumeipandisha?

Mwishoni mwa Januari jamaa mmoja mwenye kampuni ndogo ya intaneti huko Kisauni, Mombasa, alinitumia tangazo lake nilipige msasa kabla halijaenda kwa wateja. Ana wateja kama 300 wa majumbani. Kila mmoja analipa Sh2,000 kwa M-PESA, anapata siku 30, zikiisha anakatika mpaka alipe tena. Alitaka bei iwe Sh2,300. "Nilainishie kidogo tu," akaniambia. "Sitaki watu waseme tunawala."

Tangazo lenyewe lilikuwa hili:

"Mpendwa mteja, tunapenda kukufahamisha kuwa kutokana na kupanda kwa gharama za uendeshaji na hali ngumu ya uchumi, mambo ambayo yako nje ya uwezo wetu, tumelazimika kufanya marekebisho madogo ya bei ili tuendelee kukupa huduma bora zaidi. Ikumbukwe kwamba hatujapandisha bei kwa miaka mitatu, na bado bei zetu ziko chini ukilinganisha na za wenzetu. Bei mpya ya Sh2,300 itaanza kutumika mwezi ujao. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Sote tumeshapokea tangazo la namna hii, la maji, la takataka au la king'amuzi. Halina tusi wala neno kali, lakini ukilisoma unahisi mtu amesimama mlangoni mikono imetangulia mbele kama anayejikinga kofi. Kulainisha hakungesaidia, kwa sababu ulaini ndio uliokuwa umezidi. Lilikuwa linajibu mashtaka ambayo hakuna aliyeyatoa bado, na yale maswali mawili ambayo kila mteja angeuliza, nalipa ngapi na kuanzia lini, yalikuwa yamesukumwa mwisho, moja likiwa limejibiwa nusu.

Nianze na maneno, maana Kiswahili kina njia nyingi za kumficha mtendaji. Tunasema jua limechomoza, maji yamejaa, bei imepanda. Ukisema "bei imepanda" umeiweka pamoja na jua na bahari, mambo yanayojiendea yenyewe. Ukisema "bei imepandishwa" unakiri kwamba kuna mkono, ila humtaji mwenye mkono. "Tumepandisha bei" ndiyo sentensi ambayo msomaji tayari anaijua kichwani mwake, kwa hiyo ukiandika kingine chochote atasimama kidogo na kutafsiri. Katika kule kutafsiri ndiko shaka inakoingia. "Tumelazimika" nayo inaita swali: nani kawalazimisha? "Marekebisho" ni mabaya zaidi. Hakuna mtu aliyewahi kupokea tangazo la marekebisho ya bei akatumaini kwamba imeshuka.

"Ikumbukwe kwamba hatujapandisha bei kwa miaka mitatu" ni kweli, na ni habari yenye faida. Kinachoiharibu ni "ikumbukwe", neno la mtu aliyekwisha kugombana na wewe. Habari hiyohiyo inaweza kusemwa kavu: "Bei ya Sh2,000 tuliiweka Machi 2023." Msomaji atahesabu miaka mwenyewe, na hesabu aliyoifanya mwenyewe huiamini. Ile ya wenzetu kutoza zaidi nilimwambia aifute kabisa. Mteja aliyekuwa ametulia nyumbani kwake unamtuma akaulize bei za majirani, na hujui atarudi na nini.

Na radhi? Hapa tulibishana. Yeye aliona kuiondoa ni utovu wa adabu. Mimi naona radhi huombwa kwa kosa, na kosa lina jina: laini ilikatika Jumanne, tukachelewa kuja. "Usumbufu wowote utakaojitokeza" ni kosa ambalo bado halijatendeka na hatulijui ni lipi. Ukiomba radhi kwa bei, unasema kwa mdomo wako kwamba hukupaswa kuipandisha, halafu unaipandisha. Adabu katika barua ya namna hii ni kumpa mtu habari mapema na kumwachia nafasi ya kuamua.

Tukafika kwenye sababu. Nilimuuliza hizo gharama za uendeshaji ni zipi hasa. Akaanza na dola. Nikamkumbusha kwamba mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu Sh160, na miezi michache tu baadaye ikarudi karibu Sh130. Walioandika wakati ule kwamba wanapandisha bei kwa ajili ya dola walijifunga wenyewe: shilingi ilipopata nguvu, mteja alikuwa na haki ya kuuliza mbona bei haishuki. Kama dola ndiyo sababu ya kweli, iseme, lakini sema pia utafanya nini ikishuka. Kama huna nia ya kushusha, basi dola si sababu yako, au si yote.

Nikamuuliza tena: mwaka huu umelipia kitu gani ambacho mwaka jana hukulipia? Hapo akafunguka bila kufikiri. Tangu Oktoba, kila jioni kati ya saa 1 na saa 5 usiku, ile njia kuu anayonunua kwa kampuni kubwa ilikuwa inajaa. Watu wako nyumbani, kila chumba kina simu, televisheni inacheza video, na mambo yanaanza kuzungukazunguka pale skrini bila kufunguka. Simu za malalamiko zikawa nyingi. Januari akanunua njia pana zaidi, ikawashwa tarehe 20, na inamgharimu Sh66,000 zaidi kila mwezi.

Gawanya 66,000 kwa wateja 300, unapata Sh220 kwa kila mmoja. Ongeza kodi zinazoingia ndani ya bei, unakaribia Sh300. Hesabu imekaa hapo wazi, na mwenyewe alikuwa ameifukia chini ya "hali ngumu ya uchumi" kwa kudhani sababu kubwa ya ulimwengu mzima inaheshimika kuliko sababu ndogo ya mtaani. Ni kinyume chake. Hali ya uchumi inampata mteja pia, naye hana wa kumpandishia bei. Video iliyokuwa inakwama saa 2 usiku aliiona kwa macho yake, na amekwisha kuona kwamba sasa haikwami.

Kipimo ninachotumia kwa sababu ni hicho: je, mteja anaweza kuithibitisha bila kukuamini? Kama hawezi, itabidi uizungushie maneno, na maneno yakizidi ndiyo yanayosikika kama kujitetea. Kuna mpaka wake, lakini. Sababu ya namna hii unaweza kuitaja tu kama kitu chenyewe kimeshafika. Kama njia mpya ingekuwa bado inasubiriwa, ningemshauri ashike barua mpaka iwashwe, maana ahadi ikichelewa, kila jioni inayokwama itakuwa inaisuta barua yake. Na kama sababu ya kweli ni kwamba biashara haikuwa inaleta faida, hilo nalo linasemeka kwa mstari mmoja: "Kwa Sh2,000 hatubaki na pesa ya kubadilisha vifaa vinavyoharibika." Nimeona watu wakilipokea vizuri kuliko hadithi za uchumi.

Swali ambalo nililiuliza la mwisho, na lililotuchukua muda mrefu kuliko yote, lilikuwa la tarehe.

"Itaanza kutumika mwezi ujao." Tangazo lilikuwa litumwe tarehe 29 Januari. Aliyelisoma siku hiyo ataelewa Februari. Aliyekuwa safarini akalifungua tarehe 2 Februari ataelewa Machi. Wote wawili wamesoma sawasawa. Basi tarehe iandikwe kwa namba na jina la mwezi: tarehe 1 Machi. Lakini hata hiyo haitoshi kwa biashara ya malipo ya kabla, kwa sababu siku za wateja hazifanani. Mmoja analipa kila tarehe 5, mwingine tarehe 20, mwingine akipata. Ukisema bei mpya inaanza tarehe 1 Machi, yule aliyelipa Sh2,000 tarehe 20 Februari, ambaye siku zake 30 zinafika tarehe 22 Machi, atauliza kama anadaiwa tofauti ya zile siku za Machi. Mwenye kampuni mwenyewe alikuwa hajalifikiria. Nilipomuuliza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Si atamaliza tu za kwake?" Huo ndio uamuzi, lakini ulikuwa kichwani mwake tu.

Tukaufanya kanuni moja: bei inafuata siku ya kulipa. Ukilipa kabla ya tarehe 1 Machi unalipa Sh2,000, na siku zako 30 unazitumia zote hata zikiingia Machi. Ukilipa tarehe 1 Machi au baadaye, ni Sh2,300. Ile tarehe 29 Januari ya kutuma nayo haikuwa ya bahati. Kwa kuwa kila kifurushi ni cha siku 30, tangazo likitoka siku hiyo, kila mteja anayelipa mfululizo anapata walau nafasi moja ya kulipa kwa bei ya zamani huku akijua mpya inakuja. Hakuna anayekutana nayo ghafla siku ya kulipa. Lingetoka tarehe 15 Februari, wale waliolipa tarehe 14 wangekosa nafasi hiyo, na wangekuwa na haki ya kununa.

Kuna na mtego wa saa, hasa kwetu Pwani. Rasimu yake ya pili ilisema bei inaanza "saa 6 usiku wa tarehe 1 Machi". Ni usiku upi huo? Kwa hesabu ya wazee wetu siku inaanza jua likizama, na usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Kwa hesabu ya kalenda ya simu, kijana anaweza kuelewa usiku unaofuata mchana wa tarehe 1. Tofauti ni saa 24, na ndani ya saa hizo kuna watu watalipa Sh2,000 wakidhani wamewahi. Kiswahili kinalo jibu safi, "usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi", au unasema tu kwamba siku ya mwisho ya bei ya zamani ni tarehe 28 Februari. Nilichagua la pili, kwa sababu watu hukumbuka siku ya mwisho kuliko siku ya kwanza.

Halafu kuna watu watakaolipa Sh2,000 mwezi Machi kwa mazoea. Namba ya peibili wameizoea, kiasi wamekizoea, kidole kinajiendea. Mfumo wake ulikuwa umewekwa hivi: pesa ikipungua hata shilingi, inakaa kwenye akaunti ya mteja na intaneti haiwaki. Fikiria mtu amelipa, amepata ujumbe wa M-PESA kwamba pesa imekwenda, na bado yuko gizani saa 3 usiku. Atasema nini kuhusu barua yako nzuri? Tukakubaliana kwamba kwa mwezi wote wa Machi, Sh2,000 itampa siku 26, kwa maana 2,000 gawanya kwa 2,300, mara 30, ni 26 na kidogo. Fundi wake alibadilisha mpangilio kwa muda usiozidi kunywa kikombe cha chai.

Na wanaotaka kulipa mapema kwa bei ya zamani? Alitaka kukataza. Tulipiga hesabu: akiruhusu mwezi mmoja wa ziada, na wateja wote 300 wakautumia, anapoteza Sh90,000 kwa jumla, na hawatautumia wote. Akaruhusu mmoja, si zaidi. Bila kikomo mtu angelipa wa mwaka mzima, na ile njia pana ingelipiwa na nani?

Barua iliyotoka, ile ndefu ya kwenye WhatsApp, ilikuwa hivi:

"Bei ya intaneti ya nyumbani inatoka Sh2,000 na kuwa Sh2,300 kwa mwezi. Siku ya mwisho ya kulipa kwa bei ya zamani ni tarehe 28 Februari.

Tumepandisha bei kwa sababu tumenunua njia kuu pana zaidi. Tangu Oktoba njia ya zamani ilikuwa inajaa kila jioni na wengi wenu mlitupigia kwamba video zinakwama. Njia mpya iliwashwa tarehe 20 Januari na inagharimu Sh66,000 zaidi kila mwezi. Bei ya Sh2,000 tuliiweka Machi 2023.

Siku ulizolipia kabla ya tarehe 1 Machi ni zako zote, hakuna nyongeza. Mfano: ukilipa tarehe 20 Februari, Sh2,000 yako inakufikisha tarehe 22 Machi. Ukipenda, unaweza kulipia mwezi mmoja wa ziada kwa bei ya zamani kabla ya tarehe 1 Machi.

Ukituma Sh2,000 ndani ya mwezi wa Machi, utapata siku 26. Kifurushi kidogo cha Sh1,500 bado kipo kwa bei ileile. Ukiamua kuacha, rudisha ruta ofisini na amana yako ya Sh1,500 utarudishiwa kwa M-PESA ndani ya siku 7."

Mstari wa mwisho ndio uliomtia hofu. "Unawaonyesha mlango," alilalamika. Lakini mtu anayetaka kuondoka ataondoka, na swali lake la kwanza litakuwa amana. Akilikuta limejibiwa hana cha kugombania. Na anayebaki, akiona mlango uko wazi, anajua hakufungiwa ndani. Angalia pia kwamba hakuna "mpendwa mteja". Sina ugomvi nalo, ila mstari wa kwanza ndio unaoonekana kabla mtu hajafungua ujumbe, na pale nilitaka ionekane bei.

Kwa wale wasiotumia WhatsApp ilibidi kuwe na ujumbe mfupi wa simu. Ujumbe mmoja unabeba herufi 160. Ukizidisha, unahesabiwa kuwa wa pili na unalipia mara mbili kwa kila mteja. Huu una 159 ukihesabu na nafasi:

"Kuanzia 1 Machi intaneti ya nyumbani ni Sh2,300 kwa mwezi (sasa Sh2,000). Ukilipa kabla ya hapo ni Sh2,000. Sababu: tumepanua njia kuu. Maelezo: WhatsApp yetu."

Mwanzoni nilikuwa nimeandika "laini kubwa zaidi", nikakumbuka kwamba kwa watu wengi laini ni ile kadi ya simu, na ofisi ingepokea maswali ya ajabu. Jambo dogo jingine la kuchunga: ukinakili kutoka kwenye kompyuta neno lenye king'ong'o, kama hilo lenyewe, ile alama iliyopinda inaweza kuufanya ujumbe ubebe herufi 70 tu badala ya 160. Andika alama iliyonyooka, au epuka neno.

Kabla ya kutuma tulimpa barua mama mmoja fundi cherehani jirani na ofisi, ambaye ni mteja. Hatukumuuliza kama imeandikwa vizuri, kwa sababu angesema ndiyo. Tulimuuliza mambo matatu: utalipa ngapi mwezi ujao, siku yako ya mwisho ya bei ya zamani ni ipi, na ukisahau ukatuma 2,000 itakuwaje. La tatu lilimshinda. Katika rasimu ile tulikuwa tumeandika "malipo pungufu yatakokotolewa kwa uwiano". "Mwanangu," akaniambia, "mimi niambie nitapata siku ngapi." Ndipo siku 26 zikaingia.

Baada ya kutuma, mwenye ofisi aliweka daftari kando ya simu na kuandika kila swali lililoingia. Nilimwambia ayagawe mafungu mawili. Wanaosema "mbona mnapandisha" wamesoma wakaelewa na hawakupenda. Hao ni haki yao, na jibu lao ni lilelile la kwenye barua, bila kuongeza sababu nyingine. Mfanyakazi anayeongeza sababu ya pili kwenye simu, mara dola, mara mafuta, anaifanya ile ya kwanza ionekane ya uongo. Wanaouliza "ni lini?" au "na mimi niliyelipa juzi?" ndio dalili kwamba barua ina tundu. Fungu hilo likianza kujaa, tuma ufafanuzi siku hiyohiyo. Lake lilikuwa na maswali machache, karibu yote kutoka kwa watu waliosoma ule mfupi peke yake.

Tarehe 3 Machi mteja mmoja alituma Sh2,000 kama alivyozoea. Mfumo ukamjibu: "Tumepokea Sh2,000. Intaneti yako iko hewani hadi 29 Machi. Ukiongeza Sh300 itafika 2 Aprili." Akaongeza zile 300 baada ya dakika chache, hakupiga simu.